Chakula cha ghalani: mpango wa kula kwa mwanafunzi anayefika Urusi kabla ya baridi



Ndugu na dada zetu wa Burundi wamekuwa wakienda kusoma Urusi tangu enzi za Muungano wa Sovieti, na hata leo wengi hufika huko mwezi wa Septemba, Oktoba au hata Novemba, wakaanza mwaka wa kujifunza lugha kabla ya kuingia kitivo chao. Kuhusu koti na viatu, kila mtu huwashauri. Kuhusu chungu, ushauri huwa mmoja tu: "beba unga." Somo hili ni kwa yule ambaye unga wake utakwisha baada ya wiki mbili.

Tuanze na kosa la kawaida. Ndugu mmoja wa Buyenzi alifika Mosko mwishoni mwa Oktoba, akaingia dukani akatafuta anavyovijua: nyanya, matango, pilipili hoho, na fungu la mboga za majani mabichi. Alivipata vyote. Akapika mchuzi kama wa nyumbani, akala vizuri siku nane. Wiki ya tatu pesa ya chakula ilikuwa imekwisha, naye akamaliza mwezi kwa mkate, chai ya sukari na tambi za kumwagia maji ya moto. Tumbo likafunga, usingizi ukamwandama darasani, akadhani ni baridi. Lakini si baridi iliyomdhoofisha. Alikuwa amekula kutoka bandani badala ya kula kutoka ghalani.

Maana yake ni hii. Huku kwetu Bujumbura, nyuzi kama 3 tu kusini ya ikweta, shamba haliachi kuzaa, na bei ya mboga hufuata mvua na usafiri. Mosko iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Kuanzia Novemba hadi Aprili ardhi yao haitoi kitu. Nyanya unayoiona dukani Januari imetoka katika banda la vioo linalopashwa moto na kuwashiwa taa, au imesafirishwa kutoka nchi za joto, na gharama hiyo unailipa wewe. Kando yake kuna mboga zilizovunwa Septemba na kuwekwa ghalani zikiwa hai: kabichi, karoti, vitunguu, viazi, na beterave. Hizi hazikuhitaji moto wala ndege. Warusi wenyewe huziita kwa pamoja "seti ya borshi", kwa kuwa ndizo zinazoingia katika supu yao ya borshi, na bei yake huwa chini kabisa wakati wa mavuno, yaani wakati ule ule mgeni anapofika. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jiulize mboga hii imevukaje baridi. Iliyolala ghalani, iliyogandishwa, iliyokaushwa au iliyotiwa chumvi ni ya kwako. Iliyotoka bandani ni ya Idi.

Sasa tuingie jikoni. Bweni la huko kwa kawaida lina jiko moja la pamoja kwa kila ghorofa, na hapo masufuria ya wenzako yamepikiwa nyama ya nguruwe. Nunua sufuria yako, kikaango chako na ubao wako wa kukatia, uvitunze chumbani. Hilo ni la kwanza, hata kabla ya mboga.

Kapu la wiki la mtu mmoja liwe hivi. Kabichi kilo moja na nusu, karoti kilo, vitunguu kilo, beterave kilo, viazi kilo mbili. Pakiti moja ya spinachi iliyogandishwa, ya gramu 400 hivi. Maharage makavu nusu kilo, na wiki inayofuata badala yake dengu au choroko. Grechka pakiti moja, ambayo huwa na gramu 800 au 900, na mchele kilo moja. Mayai 10, kwani huko huuzwa kwa kumi na si kwa dazeni. Samaki wa kugandishwa kilo moja. Maziwa au mtindi lita mbili, mafuta ya alizeti robo lita, nyanya ya kopo, mikate miwili, na limau moja au mawili. Hicho ni chakula cha kumtosha kijana anayetembea kwa miguu kwenye theluji, na hakuna ndani yake kitu kimoja kilichotoka bandani. Nyama sikuiweka kwa makusudi, nitaieleza mbele.

Grechka ndiyo itakayokushangaza. Ni punje ndogo za kahawia zenye pembe tatu, zina harufu ya kuungua kidogo, na mgeni wengi huiacha baada ya kijiko cha kwanza. Usiiache. Inashiba kuliko mchele, ina protini nzuri na madini, na ni chakula cha kila nyumba ya Mrusi. Kosa la wageni ni kuila peke yake kama uji. Ipike kama wali: kikombe kimoja cha punje kwa vikombe viwili vya maji, chumvi, funika, moto mdogo dakika 15 hadi 20 mpaka maji yakauke, kisha uiache imefunikwa dakika kumi. Mwagia mchuzi wa maharage wenye kitunguu kilichokaangwa vizuri. Ukiila hivyo mara tatu, mara ya nne utaitafuta mwenyewe.

Anayetaka bugali asikate tamaa. Katika safu ya nafaka dukani kuna chenga za mahindi, kukuruznaya krupa, na mara nyingi unga wa mahindi pia. Chenga zinahitaji maji mengi zaidi na kukorogwa kama nusu saa, na bugali lake ni la manjano, lakini ni bugali.

Maharage unayajua tangu utoto, ila kuna hatari moja ambayo nyumbani hukuiona. Kwetu maharage huchemka saa nzima na zaidi kwenye moto mkali. Bweni wanafunzi wengi hutumia sufuria ya umeme ya kupika polepole, na maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haivunjiki kwa joto la chini. Yaliyopashwa moto nusunusu yanaweza kudhuru kuliko mabichi. Dalili zake ni kichefuchefu na kutapika kwa nguvu saa moja hadi tatu baada ya kula, kisha kuhara. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka maji mapya, yachemshe kwa nguvu kabisa kwa dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto mpaka yalainike hadi ndani. Dengu na choroko havina shida hiyo, na ndiyo maana ni rafiki wa mwenye haraka. Choroko huuzwa na Waislamu wa Asia ya Kati, Wauzbeki na Watajiki, kwa jina la mash. Kwa wauzaji hao hao utapata bizari nyembamba, ambayo wao huiita zira. Pilau yao huitwa plov, inapikwa kwa karoti nyingi, na ukiionja utajua kwamba hukwenda mbali sana na nyumbani.

Sasa mboga. Hapa Bujumbura sahani yetu ya kawaida ina sombe au lengalenga, na mara nyingi mawese. Rangi ile ya mawese na kijani kile cha majani ndiyo hutupatia asili ya vitamini A. Huko mawese mekundu ni adimu na ghali. Karoti inachukua nafasi yake, kwa sharti moja: ipikwe na mafuta, kwani kile kilicho ndani ya karoti hakiingii mwilini vizuri bila mafuta. Jifunze jambo ambalo kila mama wa Kirusi hufanya kabla ya supu: kwaruza karoti mbili, katakata kitunguu kimoja, kaanga polepole kwa mafuta ya alizeti mpaka mafuta yageuke rangi ya machungwa. Mseto huo unaitwa zazharka. Utie ndani ya dengu, ndani ya maharage, juu ya grechka. Pika mwingi, weka kwenye jokofu, utakufaa siku tatu.

Kwa lengalenga, chukua spinachi iliyogandishwa. Wengi wetu tunadharau kilichogandishwa tukidhani kimekufa, lakini spinachi hiyo iligandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na mara nyingi imehifadhi zaidi kuliko fungu lililosafiri siku nyingi na kunyauka dukani. Weka kitunguu na nyanya ya kopo, tia spinachi bila kuiyeyusha kwanza, kisha karanga zilizokaangwa bila chumvi ambazo umezisaga au kuzitwanga, kama konzi moja. Dakika 15 zinatosha. Haitakuwa sombe. Itakuwa mboga ya karanga, na kwa wiki ya kwanza ya theluji hiyo ni habari njema.

Beterave tunaiona hapa kwenye saladi, vipande vichache vya rangi. Huko ni chakula kamili, na ndiyo mboga ambayo wageni huiharibu zaidi kwa kuimenya kabla ya kuipika, ikatoa rangi na utamu wote kwenye maji. Ioshe tu, usikate mkia wala kichwa karibu na nyama yake, ichemshe nzima na ganda kwa saa moja au zaidi mpaka kisu kiingie bila nguvu. Imwagie maji baridi, na ganda litatoka kwa vidole. Ikwaruze, tia kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, mafuta na karanga au jozi zilizopondwa. Inakaa siku tatu kwenye jokofu. Na usitishike: baadhi ya watu wakila beterave mkojo na choo huwa vyekundu siku hiyo na pengine ya pili. Kama ulikula beterave na wekundu ukaisha, ni rangi ya mboga. Kama hukula, au unaendelea, nenda kwa daktari.

Kabichi inastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyowavusha watu wa kaskazini baridi nyingi bila matunda. Kabichi mbichi ina vitamini C ya kutosha, lakini ukiichemsha muda mrefu sehemu kubwa inapotea. Wao huichachusha kwa chumvi bila moto, na kuiita kvashenaya kapusta. Dukani ipo, ila ya kutengeneza mwenyewe ni nafuu na unajua kilichomo. Chukua kilo mbili za kabichi nyeupe ngumu, ikate nyembamba. Kwaruza karoti moja. Pima chumvi gramu 40, yaani gramu 20 kwa kila kilo, kama vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana. Finyanga kwa mikono safi mpaka kabichi itoe maji yake. Ishindilie kwenye chupa kubwa ya kioo, na hakikisha maji yake yameifunika. Weka juu yake kitu kizito kilicho safi. Iache chumbani siku tatu hadi tano, chini yake sahani, maana itatoa povu na kumwagika. Kila siku ichome kwa kijiti kirefu hadi chini ili hewa itoke. Ikishakuwa na uchachu mzuri, ifunike na kuitia kwenye jokofu, nayo itakaa wiki kadhaa.

Utajuaje kama imeharibika? Iliyo nzuri ina uchachu safi na bado inalia mdomoni. Iliyoteleza kama makamasi, iliyoota ukungu wa nywele wenye rangi, au yenye harufu ya kuoza, itupe yote. Mara nyingi sababu ni chumvi kidogo au kabichi iliyotokeza juu ya maji.

Baadhi ya ndugu huuliza kama uchachu huo ni pombe. Kinachofanya kazi hapo ni vijidudu vinavyogeuza sukari ya kabichi kuwa asidi, kama vile maziwa yanavyoganda. Swali lenye uzito zaidi ni la kvas, kinywaji cha mkate kinachouzwa kama soda. Kanuni za ubora za Urusi zinaruhusu kvas kuwa na pombe hadi asilimia 1.2, na ya kutengenezwa nyumbani inaweza kuzidi. Ndugu wengi wameona ni salama kuiacha kabisa, na mimi naona hivyo pia. Maji na chai vipo. Anayetaka hukumu kamili amuulize imamu wa msikiti wa mji wake.

Uchachu wa kabichi una kazi nyingine. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu na grechka huingia mwilini kwa shida, tofauti na ya nyama. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo huyasaidia kuingia. Chai huyazuia. Kwa hiyo weka vijiko vitatu vya kabichi chachu au kamulia limau juu ya maharage, na chai usinywe pamoja na chakula bali saa moja baadaye. Hili nawaambia hasa dada zetu, ambao hupoteza damu kila mwezi. Dada anayechoka akipanda ngazi, kizunguzungu kikimjia akisimama, au anayejikuta anatamani kutafuna barafu, asijitibu kwa kubahatisha, apimwe damu. Mwanafunzi wa kigeni huko hutakiwa kuwa na bima ya afya, basi aitumie.

Samaki ndio nyama ya mwanafunzi, kwa kuwa hana suala la kuchinjwa. Mintai ni samaki mweupe wa kugandishwa, wa bei nafuu, asiye na mafuta. Kaanga au tia kwenye mchuzi. Kwa aliyezoea ndagala, kuna kilka, visamaki vidogo vya kopo katika mchuzi wa nyanya, vinavyoliwa na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalisi. Lakini mara mbili kwa wiki tafuta samaki wa mafuta: skumbria, au seld ambaye mara nyingi huuzwa akiwa na chumvi nyingi na hufaa kulowekwa kwanza. Sababu ni jua. Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopigwa na jua, na katika nyuzi zile za kaskazini, tangu kama Oktoba hadi Machi, jua liko chini mno kuweza kazi hiyo hata likionekana. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, na anayevaa hijabu hupata kidogo zaidi. Samaki na mayai husaidia ila peke yake havitoshi kwa wengi. Uingereza, ambayo nayo iko kaskazini, hushauri mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa baridi, ambazo ni sawa na vipimo 400, na kwa wenye ngozi nyeusi hushauri watumie mwaka mzima. Dukani huuzwa za vidonge na za matone. Matone yanakuepusha na vidonge vyenye ganda la jelatini. Usizidishe ukidhani nyingi ni bora, maana ikizidi sana hudhuru figo.

Nyama, basi. Kazan na miji mingine ya Tatarstan ina Waislamu wengi na halali ipo karibu. Mosko itabidi uitafute kwenye maduka ya karibu na misikiti na masokoni kwa watu wa Asia ya Kati. Nunua kuku mzima mara moja kwa wiki mbili, mgawe sehemu sita, gandisha. Mifupa yake ipikie supu ya kabichi. Mtego hasa uko kwenye vilivyosindikwa. Soseji inayoitwa ya ng'ombe inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, pelmeni za kawaida huchanganya nyama mbili, na kotleti za kantini vivyo hivyo. Maneno ya kutafuta kwenye pakiti ni svinina, salo, shpik na zhelatin. Hapa nimeyaandika kwa herufi zetu. Kabla ya kusafiri jifunze kuyatambua kwa herufi zao, kwani hayo ndiyo maneno manne ya Kirusi utakayoyahitaji siku ya kwanza kabla ya "habari za asubuhi". Kantini uliza, "Zdes yest svinina?" yaani, hapa kuna nguruwe?

Wiki yenyewe huendeshwa na vyungu vitatu. Ijumaa usiku loweka maharage. Jumamosi pika maharage yote kwa zazharka, na beterave pembeni kwenye sufuria moja na viazi. Hivyo vitakufikisha Jumanne, kwa grechka mchana na wali usiku, na kabichi chachu kila mlo. Jumanne jioni pika supu ya kabichi mbichi, viazi na karoti, ukitia samaki mwishoni. Alhamisi ni spinachi ya karanga na mayai. Asubuhi ni yai au maziwa na mkate. Kilichopikwa kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Usifuate desturi ya kutundika viazi nje ya dirisha kwenye mfuko: vikiganda huwa vitamu na laini, na havirudi.

Mpango huu hulegea mwezi wa Aprili na Mei. Ghala linaisha, viazi vinaota macho, karoti zinanyauka, na bei ya seti ya borshi hupanda hadi mavuno mapya. Kiazi kilichogeuka kijani kitupe, kina sumu. Chenye macho machache kikate macho. Miezi hiyo ongeza vilivyogandishwa na dengu, punguza viazi. Kisha utaanza kuwaona kina mama wazee karibu na vituo vya metro, wakiuza mafungu ya majani: ukropu wenye harufu kali, vitunguu vya kijani, na shchavel, jani chungu kidogo, lenye uchachu wa ndimu. Nunua fungu la shchavel, lipike dakika tano tu na mayai. Ni jani bichi la kwanza kutoka ardhini tangu ulipofika, na bei yake haitakuumiza.